Boti Moja, Mistari Miwili: Rejista ya Mali na Uchakavu katika Chama Kidogo

Hotuba kwa makatibu na washika fedha wa vyama vya ushirika, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Ndugu makatibu, ndugu washika fedha, na nyinyi wajumbe wa kamati za ukaguzi mliokaa nyuma karibu na mlango: karibuni.

Mada yetu ni rejista ya mali na uchakavu. Ni mada pana, kwa hiyo tutashika kitu kimoja tu, boti ya chama, tuifuate tangu inaponunuliwa mpaka mashine yake inapokufa. Atakayeweza kuiandika boti vizuri hatashindwa na kompyuta, wala mashine ya kusaga mwani, wala vespa ya afisini.

Tuchukue chama cha mfano cha wakulima wa mwani, wanachama 40, mahali popote Wilaya ya Micheweni. Kimenunua boti ya faiba na mashine yake ya nyuma kwa ajili ya kubebea mwani kutoka mashambani hadi pwani. Ankara ya muuzaji ina mstari mmoja: boti na mashine, shilingi 15,000,000. Bei hizi tumezipanga sisi ili hesabu ziende kwa urahisi, kwa hiyo msizichukue mkaenda kubishana nazo dukani.

Kosa kubwa hutokea hapo hapo. Mshika fedha anaiangalia ankara, anaona mstari mmoja, naye anaandika mstari mmoja kwenye rejista: "Boti, 15,000,000." Lakini vitu hivi viwili havifi pamoja. Bodi la faiba likitunzwa hukaa miaka mingi. Mashine inayofanya kazi ndani ya maji ya chumvi kila siku huchoka mapema zaidi. Kila kitu kinachoweza kubadilishwa peke yake, na chenye bei kubwa, kiwe na mstari wake. Sababu ya kanuni hiyo mtaiona mashine itakapokufa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aitenganishe bei kwenye ankara. Tuseme amefanya hivyo: boti 9,600,000, mashine 5,400,000. Sasa tutafute gharama kamili ya kila kimoja. Gharama ya mali haiishii kwenye bei ya dukani. Inaingia pia kila shilingi iliyotumika kukifikisha kitu mahali pake na kukiweka tayari kwa kazi. Chama kimelipa 500,000 kuvisafirisha vyote viwili kutoka Unguja, na fundi amelipwa 120,000 kuifunga mashine. Usafiri tunaugawa kwa uwiano wa bei. Boti ni asilimia 64 ya bei yote, inabeba 320,000. Mashine ni asilimia 36, inabeba 180,000. Ujira wa fundi unakwenda kwenye mashine peke yake, kwa sababu ndiyo aliyoifunga. Tunapata boti 9,920,000 na mashine 5,700,000.

Kodi ya ongezeko la thamani iliyomo kwenye ankara, kama chama hakikusajiliwa na hakirudishiwi, ibaki ndani ya gharama. Ila mafunzo ya nahodha, mafuta ya kazi za kila siku na ada ya leseni ya mwaka haviingii. Hivyo ni matumizi ya kawaida ya mwaka husika. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaotaka kuchota bajeti yote ya mradi na kuimwaga ndani ya boti, mpaka boti inaonekana vitabuni ni ghali kuliko ile wanayoiuza jirani.

Sasa tarehe. Kwenye rejista ziwe mbili: tarehe ya kununua na tarehe ya kuwa tayari kutumika. Chama hiki kililipa tarehe 20 Agosti 2022. Mzigo ukachelewa bandarini, fundi naye akachelewa, na mashine ikafungwa na kujaribiwa mwishoni mwa Septemba. Uchakavu unaanza kuhesabiwa pale kitu kinapokuwa tayari kwa kazi, kwa hiyo tunaanza tarehe 1 Oktoba 2022. Wekeni utaratibu mmoja kwenye sera yenu, na uwe wa maandishi: kitu kikiwa tayari tarehe 15 au kabla yake, kinahesabiwa tangu mwanzo wa mwezi huo, kikiwa tayari baada ya tarehe 15, kinaanza mwezi unaofuata. Mkishauandika, msiubadilishe kila mwaka kwa kufuata matokeo mnayoyapenda.

Na kinachoanza hakisimami ovyo. Boti ikipandishwa pwani kwa sababu ya upepo wa kusi, ikakaa wiki kadhaa haijaingia majini, uchakavu kwa njia ya mstari mnyoofu unaendelea kuhesabiwa mwezi kwa mwezi. Njia hii inahesabu muda, haiangalii safari. Unasimama pale tu kitu kinapouzwa au kutupwa, au thamani yake inapofika kwenye mabaki.

Yamebaki maamuzi mawili, nayo ndiyo magumu, kwa sababu hakuna risiti itakayokujibuni: umri wa matumizi na thamani ya mabaki. Umri wa matumizi ni muda ambao chama chenu kinatarajia kukitumia kitu, na siyo muda ambao kitu kinaweza kuishi duniani. Kama kawaida yenu ni kuuza mashine baada ya miaka minne, umri ni miaka minne, hata kama atakayeinunua ataitumia mingine mitatu. Waulizeni mafundi wa mashine hapa Pemba na vyama vinavyofanya kazi kama yenu. Msichukue namba ya mwongozo wa nchi ambako boti zinaelea kwenye maziwa ya maji baridi. Thamani ya mabaki nayo ni makisio ya kile mtakachokipata mkikiuza kitu mwisho wa umri huo, baada ya kuondoa gharama za kuuza.

Kamati ya chama chetu imekubaliana hivi, na imeandika kwenye muhtasari wa kikao: boti miaka 10, mabaki 920,000, mashine miaka 4, mabaki 900,000. Huo muhtasari wa kikao ni muhimu. Mkaguzi akiuliza "miaka minne mmeipata wapi?", jibu liwe kwenye karatasi.

Baada ya hapo hesabu ni nyepesi. Gharama toa mabaki, gawa kwa miezi. Boti: 9,920,000 toa 920,000 ni 9,000,000, gawa kwa miezi 120, ni 75,000 kwa mwezi. Mashine: 5,700,000 toa 900,000 ni 4,800,000, gawa kwa miezi 48, ni 100,000 kwa mwezi. Mwaka 2022 una miezi mitatu tu ya matumizi, kwa hiyo boti ni 225,000 na mashine 300,000. Mwaka 2023 ni mzima: 900,000 na 1,200,000. Mwaka 2024 vivyo hivyo. Tukifunga vitabu tarehe 31 Disemba 2024, uchakavu uliolimbikizwa wa boti ni 2,025,000 na wa mashine ni 2,700,000. Thamani iliyobaki vitabuni ni 7,895,000 kwa boti na 3,000,000 kwa mashine.

Wanaotumia Excel hawana haja ya kupiga hesabu hii kila mwaka. Tarehe ya kufunga vitabu iwekeni kwenye B1. Kwenye mstari wa mali, E iwe tarehe ya kuanza uchakavu (siku zote tarehe 1 ya mwezi), F gharama, G mabaki, H umri kwa miezi. Uchakavu uliolimbikizwa, kwa mfano wa mstari wa tano, utakuwa:

```
=MIN(F5-G5,(F5-G5)/H5*DATEDIF(E5,$B$1+1,"m"))
```

Sehemu ya `MIN` ndiyo breki. Bila hiyo, kitu kilichomaliza umri wake kitaendelea kuchakaa mpaka thamani yake iwe hasi, na hiyo ni moja ya dalili za kwanza mkaguzi anazozitafuta. Kuongeza 1 kwenye B1 ni ili mwezi wa mwisho uhesabiwe. Mkiuacha, Disemba yote inapotea na mashine inaonesha miezi 26 badala ya 27. Na kama seli inajibu `#NUM!`, tarehe ya kuanza iko mbele ya tarehe ya kufunga, mara nyingi kwa sababu mtu kakosea mwaka au kapindua siku na mwezi.

Sasa tusimame kidogo, maana hapa ndipo maswali huwa mengi. Chama kimeandika uchakavu wa 2,100,000 kwa mwaka 2023. Je, fedha hizo ziko wapi? Haziko popote. Fedha ilitoka mara moja tu, mwaka 2022, siku ya kununua. Uchakavu ni kuigawa gharama ile kwenye miaka inayofaidika nayo. Hauweki hata senti benki. Kama chama kinataka kuwa na fedha ya kununua mashine nyingine, kifungue akiba yake na kiwe kinaingiza fedha taslimu kila mwezi, kwa uamuzi mwengine kabisa.

Lakini uchakavu unafanya jambo jengine ambalo wanachama hulihisi mfukoni. Tuseme mwaka 2023 mapato yalikuwa 11,400,000 na matumizi ya fedha 8,600,000. Ziada inaonekana 2,800,000. Mkutano mkuu unapiga makofi, unagawana, kila mwanachama anaondoka na 70,000. Ukiingiza uchakavu, ziada ya kweli ni 700,000, sawa na 17,500 kwa kila mmoja. Tofauti ya 52,500 kwa kila mwanachama haikuwa faida. Ni boti na mashine wanazigawana kidogo kidogo, na mashine ikifa hakuna kitu kilichobaki.

Na mashine ikafa. Juni 2025, mashine ya chama chetu imekamata. Haikuwa ikisuuzwa kwa maji ya bomba baada ya kazi, chumvi imeziba njia za maji ya kupozea, mashine ikachemka. Fundi ameifungua na kusema ukarabati hautalipa. Imeuzwa kama spea kwa 700,000 mwisho wa mwezi huo.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu uchakavu mpaka siku ya kutoka. Miezi sita ya 2025 ni 600,000, kwa hiyo uliolimbikizwa umefika 3,300,000 na thamani ya vitabuni ni 2,400,000. Tumepata 700,000. Hasara ni 1,700,000. Katika leja: debiti fedha taslimu 700,000; debiti uchakavu uliolimbikizwa 3,300,000; debiti hasara ya kuondoa mali 1,700,000; krediti mashine kwa gharama yake yote, 5,700,000. Jumlisheni wenyewe, pande mbili ziko sawa.

Yule aliyeandika mstari mmoja wa 15,620,000 kwa miaka kumi hawezi kufanya hili. Hajui mashine ilikuwa na gharama gani, wala imekwishachakaa kiasi gani. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba anaiongeza mashine mpya juu ya ule mstari wa zamani, hasara haiandikwi, na vitabu vinaonesha chama kina mashine mbili huku moja imeshakuwa vipande vya spea karakana.

Mstari wa mashine iliyouzwa msiufute. Uhamisheni kwenye ukurasa wa mali zilizotoka, pamoja na tarehe, sababu, jina la aliyeidhinisha, bei na namba ya stakabadhi. Mkiuacha kwenye ukurasa wa kwanza, fomula itaendelea kuihesabu.

Mashine mpya imegharimu 6,000,000 ikiwa imefungwa, tayari tarehe 1 Julai 2025. Je, iandikwe tena miaka minne? Ile ya kwanza haikufika hata mitatu. Kamati imeamua miaka 3 na mabaki 600,000, kwa hiyo 150,000 kwa mwezi. Ni uamuzi wa busara, ingawa tungependa zaidi kuona mpira wa maji umefungwa pale pwani.

Hapa kuna suali linaloulizwa kila mara: tukigundua katikati kwamba umri tulioukadiria si sahihi, tunarudi nyuma? Haturudi. Chukueni mashine ya kusaga mwani ya 3,600,000, miaka 6, haina mabaki, uchakavu 600,000 kwa mwaka. Baada ya miaka minne imebaki 1,200,000 vitabuni, na fundi anasema itafanya kazi miaka minne zaidi. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa kwa muda uliobaki: 300,000 kwa mwaka kuanzia sasa. Miaka iliyopita iachwe kama ilivyo. Na kitu kikifika sifuri huku bado kinafanya kazi, kinabaki kwenye rejista mpaka kitoke kweli, kwa sababu rejista pia ndiyo inayosema kitu kiko wapi na nani ana dhamana nacho.

Matengenezo tuyapite upesi. Plagi, oili, impela ya pampu ya maji, pangaboi, rangi ya boti: hayo yote ni matumizi ya mwaka. Vivyo hivyo kamba, pegi na taitai, ambazo hata zikinunuliwa kwa wingi hazimalizi misimu mingi. Wekeni kiwango cha chini, kwa mfano 200,000, na kilicho chini yake kisiingie kwenye uchakavu. Kiandikwe tu kwenye orodha ya vifaa ili kisipotee.

Mali ya msaada inataka uangalifu zaidi. Kama mfadhili amewapa kikaushio cha jua moja kwa moja, kiingizeni kwa bei ambayo mngelipa dukani siku mliyokipokea, na muombe ankara ya kifani kutoka kwa muuzaji iwe ushahidi. Lakini someni hati ya makabidhiano. Ikiwa inasema mali ni ya mfadhili mpaka mradi umalizike, kiandikeni kwenye rejista kama kitu kilichoko kwenu kwa dhamana, bila ya uchakavu na bila ya kukitia kwenye mizania.

Kuhusu kodi neno moja. Viwango vya uchakavu vya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ni kwa ajili ya hesabu ya kodi. Kompyuta, kwa mfano, inakatwa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka, na hiyo si njia ya mstari mnyoofu. Msizichanganye. Vitabu vya chama vinafuata umri wa matumizi mliouamua. Anayetayarisha ritani ya kodi anauondoa uchakavu wenu na kuweka ule wa sheria.

Kisha kuhesabu kwa macho. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kufunga vitabu, watu wawili ambao hawatunzi mali hizo watoke na rejista. Waende njia mbili: wasome mstari wakatafute kitu, halafu wasimame mbele ya kitu wakatafute mstari. Njia ya kwanza inaonesha kilichopotea, ya pili inaonesha kisichoandikwa. Kwenye boti wasitosheke kuona kwamba mashine ipo. Wapige magoti, wasome namba ya mtengenezaji kwenye kibati cha mabano yanayoishika mashine kwenye tezi, waiandike, kisha wailinganishe na rejista. Mashine hupelekwa kwa fundi ikiwa moja na kurudi nyingine ya rangi ile ile, iliyotumika zaidi. Kama kwenye rejista mliandika "mashine nyeusi" tu, hamna la kudai. Alama yenu wenyewe iandikeni kwa rangi ya mafuta, maana stika ya karatasi haimalizi mwezi baharini. Na msitoboe bodi kwa ajili ya kufunga kibati.

Mwisho wa mwaka 2025, rejista na leja zikutane. Tuanze na gharama: tulifungua mwaka na 15,620,000, tukaongeza mashine mpya 6,000,000, tukaondoa ya zamani 5,700,000, tumebaki na 15,920,000. Uchakavu uliolimbikizwa: tulifungua na 4,725,000. Wa mwaka ni boti 900,000, mashine ya zamani 600,000 na mpya 900,000, jumla 2,400,000. Tumeondoa 3,300,000 wa mashine iliyouzwa, tumebaki na 3,825,000. Thamani ya vitabuni ni 12,095,000.

Jumla za rejista zikitofautiana na leja, tofauti yenyewe husema ilipotoka. Ikiwa gharama inapishana kwa 6,000,000 kamili, mashine mpya imeandikwa upande mmoja tu. Pengine leja imeipeleka kwenye akaunti ya matengenezo, na hapo mtaikuta matengenezo ya mwaka yamepanda ghafla. Ikiwa gharama inalingana lakini uchakavu unapishana kwa 3,300,000, mashine ya zamani imetolewa na uchakavu wake umeachwa ndani. Na ikiwa uchakavu uliolimbikizwa unalingana lakini uchakavu wa mwaka unapishana kwa 600,000, aliyeiuza mashine Juni aliiondoa kwa thamani ya Disemba 2024 na kusahau miezi sita ya mwanzo wa mwaka. Hasara yake itakuwa 2,300,000 badala ya 1,700,000. Jumla ya gharama za mwaka haibadiliki, ila kiasi kimekaa mahali sipo, na mkaguzi atakuulizeni kwa nini.

Karatasi za mfano ziko mezani kwa katibu, moja kwa kila chama. Suali la kwanza nadhani linatoka kwa bibi pale dirishani.